Mwongozo Kamili: Kuhama Kutoka Foleni ya Kila Dirisha Hadi Foleni Moja Inayodumu

Wasimamizi wa matawi ya benki, SACCOS na ofisi za malipo wamekuwa wakileta malalamiko ya aina moja. Wamenunua kamba, wamebandika tangazo la "FOLENI NI MOJA", siku mbili za kwanza mambo yakaenda vizuri. Kufikia Ijumaa watu wamerudi kujipanga dirisha kwa dirisha na kamba zimesukumwa ukutani.

Nikiuliza walivyopanga, karibu kila mara kosa liko mahali pamoja: pale anaposimama mtu wa kwanza, na nani anayemwita. Foleni moja, yaani mstari mmoja ambao mtu wa mbele huenda dirisha lolote lililo wazi, inashikiliwa na kichwa chake. Kichwa kikivuja, hata kamba za bei mbaya hazisaidii.

Mfano wetu ni tawi dogo la mji wa wilaya: madirisha 3 ya fedha, na ukumbi wenye upana wa mita 8 upande wa madirisha na kina cha mita 7. Kama una madirisha mengi zaidi, hatua ni zile zile na vipimo ndivyo vinavyobadilika.

## Vitu vya kuandaa

- Daftari na simu yenye saa ya kupimia muda.
- Futi ya kupimia ukumbi na chaki.
- Kamba au mnyororo mwepesi wa mita 20.
- Nguzo 14 zenye urefu wa mita 1. Huna haja ya kuagiza zile zinazong'aa. Bomba lililosimikwa zege ndani ya kopo la rangi la lita 4 linasimama vizuri.
- Utepe wa njano wa kubandika sakafuni.
- Namba kubwa za madirisha, 1 hadi 3, zinazosomeka kutoka mlangoni.
- Mfanyakazi mmoja wa kusimamia kichwa cha foleni kwa siku 10 za kwanza za kazi. Asiwe mlinzi. Sababu ziko Hatua ya 6.

## Hatua ya 1: Pima mzigo kabla ya kugusa kamba

Chagua siku ya kawaida na siku moja ya mishahara. Kwa kila siku andika mambo mawili: watu wangapi wameingia kila saa, na kila mmoja amechukua dakika ngapi dirishani, tangu alipofika mbele ya keshia hadi aliyemfuata alipofika. Ukihesabu hadi pale keshia anaporudisha slipu tu, utakosa muda wa mteja kupanga noti zake na kuondoka, na hesabu yako itadanganya.

Kisha zidisha watu wa saa moja kwa wastani wa dakika. Tuseme wameingia watu 42 na wastani ni dakika 3 na nusu. Hiyo ni kazi ya dakika 147. Madirisha 3 kwa saa moja yana dakika 180. Makeshia watakuwa na kazi kwa asilimia 82 hivi ya muda wao, na hapo foleni moja itakupa faida kubwa.

Siku ya mishahara wakiingia watu 60, kazi ni dakika 210. Una dakika 180 tu. Hapo watu 51 hivi watahudumiwa, na kila saa watu 9 wataongezeka nyuma, ziwe foleni tatu au moja. Onyo: foleni moja haiongezi keshia. Ukiianzisha siku ambayo mzigo umeshazidi madirisha, wateja wataona mstari mrefu usiopungua na lawama zote zitaangukia kamba. Siku hiyo dawa ni dirisha la nne, au kuwahamisha wanaotoa kiasi kidogo kwenda ATM au kwa wakala.

Ukiona mzigo umevuka asilimia 85 hivi, jiandae. Kuanzia hapo ucheleweshaji mdogo tu, mtandao kukatika dakika tano au mashine ya kuhesabia noti kukwama, huifanya foleni ivimbe, na kuirudisha chini huchukua muda mrefu.

Utajua umefaulu ukiweza kumwambia meneja kwa sentensi moja saa ipi inazidiwa na kwa kiasi gani.

## Hatua ya 2: Waonyeshe makeshia hesabu ya wateja 9

Makeshia wasipoamini, wataubomoa mpango wenyewe bila kukusudia, kwa kumwita wanayemfahamu. Kaa nao nusu saa na karatasi.

Chukua wateja 9 waliokuwa mlangoni tawi linafunguliwa. Mteja wa 2 ana duka la jumla na ameleta mauzo ya siku tatu kwenye mfuko wa rambo: noti za elfu moja na elfu mbili zilizokunjwa, hazijapangwa, na sarafu juu yake. Keshia atanyoosha noti moja moja ndipo mashine izikubali. Dakika 15. Wengine ni wa kawaida.

Katika foleni tatu, dirisha la kwanza linapata wateja 1, 4 na 7, la pili 2, 5 na 8, la tatu 3, 6 na 9. Katika foleni moja, anayefuata anakwenda dirisha lolote lililo wazi.

| Mteja | Dakika za huduma | Alisubiri (foleni tatu) | Alisubiri (foleni moja) |
|---|---|---|---|
| 1 | 3 | 0 | 0 |
| 2 | 15 | 0 | 0 |
| 3 | 4 | 0 | 0 |
| 4 | 3 | 3 | 3 |
| 5 | 2 | 15 | 4 |
| 6 | 5 | 4 | 6 |
| 7 | 4 | 6 | 6 |
| 8 | 3 | 17 | 10 |
| 9 | 6 | 9 | 11 |
| Jumla | 45 | 54 | 40 |

Mtazame mteja wa 5. Amekuja na jambo la dakika 2, amesubiri 15, kwa sababu tu aliangukia nyuma ya mfuko wa sarafu. Na mteja wa 9, aliyeingia mwisho kabisa, amemtangulia. Katika safu ya foleni moja namba hazirudi nyuma hata mara moja: aliyetangulia kufika ndiye aliyetangulia kuhudumiwa.

Tazama pia dirisha la kwanza. Katika foleni tatu linamaliza kazi dakika ya 10 na keshia anabaki bure, huku mteja wa 8 akiendelea kusimama mbele ya dirisha la pili hadi dakika ya 17. Wa mwisho kuondoka anatoka dakika ya 20. Katika foleni moja anatoka dakika ya 17.

Usifiche kwamba mteja wa 6 na wa 9 wamesubiri dakika 2 zaidi. Makeshia wataiona hata usipoitaja. Foleni moja haimnufaishi kila mtu kila siku. Inaondoa ile bahati mbaya ya kuangukia mstari mbovu, na inagharimu dakika chache kwa wale ambao wangepata bahati nzuri.

Keshia mzoefu atakwambia: "Lakini watu huhama wenyewe wakiona kwingine kumepungua." Ni kweli, na jibu lake ni muhimu. Watu wakihama kwa uhuru, wastani wa kusubiri unakaribia sana ule wa foleni moja. Lakini anayehama ni nani? Mara nyingi ni yule wa mkiani, kijana aliye mwepesi na asiye na mzigo. Mama mwenye mtoto mgongoni aliyekaribia dirisha hathubutu kuacha nafasi yake. Na dirisha jipya likifunguliwa ghafla, wanaolikimbilia ni walioingia punde. Waliosubiri nusu saa wanabaki walipo. Ugomvi mwingi wa ukumbini unaanzia hapo.

Utajua umefaulu keshia akianza kukuuliza habari za kamba na utepe na kuacha kubisha hesabu.

## Hatua ya 3: Tenganisha kwa aina ya huduma

Ndiyo, kuna foleni zinazostahili kutenganishwa. Anayefungua akaunti anaweza kukaa dakika 25, na anayeulizia mkopo zaidi ya hapo. Ukiwachanganya hao na wanaoweka na kutoa fedha, wawili au watatu wakiingia kwa pamoja watashika madirisha yote 3 na foleni nzima itasimama.

Pitia daftari lako la Hatua ya 1 na utafute huduma zinazochukua zaidi ya mara nne au tano ya wastani. Hizo zipeleke mezani, kwenye viti, kwa karani wake. Zinazobaki zikae katika foleni moja.

Mwenye mfuko wa sarafu je? Kama wenye mifuko ni wawili watatu kwa siku, mwache foleni moja, maana ina uwezo wa kumbeba, kama tulivyoona kwenye jedwali. Kama kila asubuhi kuna wafanyabiashara kumi, watengee dirisha lao kwa saa za asubuhi tu, na likiwa tupu keshia wake aite kutoka foleni kuu. Dirisha maalumu linalokaa tupu huku ukumbi umejaa litaua imani ya watu haraka kuliko kasoro nyingine yoyote.

Ofisi za umma zina jambo la ziada. Kama karani mmoja ndiye mwenye majalada ya kata fulani, mtu wa kata hiyo akiitwa dirisha jingine atarudishwa tu. Kwanza wawezeshe makarani wote kufikia majalada yote, ndipo uunganishe foleni. Kama haiwezekani, kila karani abaki na foleni yake na ubao wa mlangoni useme wazi nani anahudumia nini.

## Hatua ya 4: Weka alama ya kichwa cha foleni

Hapa ndipo pa kutumia muda wako.

Kosa linalojirudia ni kupeleka mwisho wa kamba mbele ya dirisha la kwanza, kwa kuwa ndiko mstari ulikokuwa zamani. Mtu wa mbele akisimama hapo, anaangalia dirisha la kwanza tu. La tatu likiwa wazi haoni. Keshia wa tatu anaita mara mbili, hasikiki, kisha anamwonyesha ishara mtu yeyote aliye karibu naye. Aliye nyuma akiona mwenzake amepita pembeni, naye anasogea dirisha la tatu. Robo saa haipiti, foleni tatu zimerudi.

Simama mwenyewe ukumbini na utafute sehemu yenye sifa tatu. Iwe katikati ya madirisha. Iwe umbali wa mita 2 na nusu hadi 3 kutoka dirishani, ili anayetaja salio lake asisikike na wanaongoja. Na kutoka hapo uone uso wa kila keshia bila nguzo ya jengo, bango au mashine kukuziba.

Ukiipata, bandika utepe wa njano sakafuni wenye urefu wa mita 1, na mbele yake uandike "SUBIRI HAPA". Kisha namba za madirisha ziwe juu ya vichwa vya watu, kwa sababu namba iliyobandikwa kwenye kioo hufunikwa na mgongo wa mteja.

Sasa pima mwendo. Kutoka katikati ya ukumbi wetu hadi dirisha la pembeni ni mita 4 hivi. Ukijumlisha kushtuka, kuokota mfuko na kutembea, ni kama sekunde 10. Kwa huduma ya dakika 3 na nusu hiyo si kitu. Lakini kama dirisha lako kazi yake ni kukabidhi barua iliyokwisha kugongwa muhuri, sekunde 20 kwa kila mtu, mwendo huo umekula nusu ya huduma. Hapo weka nafasi ya kungoja ya mtu mmoja karibu na kila dirisha, mita 1 na nusu nyuma ya anayehudumiwa, ili anayefuata awe tayari. Kama huduma zote ni fupi hivyo, baki na foleni za madirisha.

Utajua umefaulu ukimsimamisha mgeni kwenye utepe, mtu asiyejua lolote kuhusu mpango huu, na akatambua mwenyewe dirisha lililo wazi ndani ya sekunde mbili tatu.

## Hatua ya 5: Chora njia kwa chaki, ndipo ufunge kamba

Mtu aliyesimama kwenye foleni anachukua takriban sentimita 70. Njia iwe na upana wa mita 1, na kwenye kona iwe mita 1.2 au zaidi, ili kiti cha magurudumu kigeuke bila kuinuliwa.

Katika ukumbi wetu inakuwa hivi. Kuanzia madirishani, acha mita 2 na nusu wazi. Nyuma yake chora njia tatu zinazofuatana kwa kujipinda. Inayoanzia upande wa mlango ina mita 6, inayofuata mita 6, na ya mbele mita 3 tu, kwa sababu inakatika katikati, kwenye utepe wa njano. Jumla ni mita 15, yaani watu 21 hivi. Bado unabaki na mita 1 na nusu nyuma ya kupita kutoka mlangoni, na mita 2 pembeni.

Zile mita 2 za pembeni ndiyo njia ya kutokea, na usizile hata ukumbi ukijaa. Aliyekwisha kuhudumiwa akilazimika kupenya katikati ya wanaongoja, pana fedha mkononi na pana msongamano. Zaidi ya hayo, anayepita kwa kurudi nyuma huonekana kama anayechomekea, na maneno huanza.

Usifunge njia zote tatu saa za mchana kukiwa na watu wanne. Hakuna kinachowachosha watu kama kuzunguka kamba tupu, na atakayekuja ataruka kamba au kuinama chini yake. Weka nguzo mbili zinazohamishika ili watu wachache waende moja kwa moja kwenye utepe.

Kisha bandika muda. Chukua idadi ya watu walio mbele, zidisha kwa wastani wa dakika, gawanya kwa madirisha yaliyo wazi. Mtu mwenye watu 12 mbele yake: 12 mara 3.5 ni 42, gawanya kwa 3, ni dakika 14. Andika kwenye nguzo ya pale: "Kutoka hapa ni kama dakika 15." Foleni moja ya watu 20 inatisha kuliko foleni tatu za watu 7, ingawa inatembea mara tatu ya kasi. Bila kibao hicho, baadhi ya watu watachungulia mlangoni na kugeuza.

## Hatua ya 6: Mtu mmoja, sauti moja

Kwa siku 10 za kwanza, mfanyakazi wa tawi asimame hatua moja kando ya utepe. Kazi yake ni maneno machache: "Mama, dirisha la tatu, karibu." "Shikamoo mzee, pita la pili." Asiseme "nendeni kule". Ataje namba kila mara, na anyooshe mkono.

Makeshia nao wana sheria moja: hakuna kumwita mtu kwa jina au kwa jicho. Keshia akimaliza, anawasha taa ndogo, anainua kibao cha namba yake, au anasema "Anayefuata, dirisha la pili." Mteja aliyejitokeza pembeni, hata akiwa jirani wa nyumbani, anaelekezwa kwenye mkia. Meneja mwenyewe akiingiza mgeni wake kupitia mlango wa ndani, jambo hilo linaonekana na kila aliyeko ukumbini. Kama kuna wateja wakubwa, wahudumiwe ofisini, nje ya madirisha haya 3.

Kwa nini asiwe mlinzi? Mlinzi ana kazi yake ya kutazama mlango na mifuko ya watu, na foleni ikimshika, mlango unabaki bila macho. Pia hajui huduma. Mtu akimwambia "nilirudishwa nikalete kitambulisho, nafasi yangu ilikuwa pale", hana namna ya kuthibitisha. Na mahali ambapo mlinzi ana uwezo wa kumpitisha mtu mbele, mazoea ya kumpa chochote kitu huanza haraka.

Hilo la kurudishwa linahitaji utaratibu mapema. Aliyekosa saini au namba ya akaunti asirudi mkiani, wala asisimame dirishani akijaza fomu huku keshia akimngoja. Mpe kadi ya rangi, ajaze mezani, na akimaliza asimame kando ya utepe, aingie baada ya mmoja. Afadhali zaidi, anayesimamia kichwa awe anapita mstarini kila baada ya dakika kadhaa akikagua slipu na vitambulisho vya watu watano wa mbele. Kazi hiyo peke yake huokoa muda mwingi wa dirishani.

Kuwekeana nafasi kushughulikie siku ya kwanza. Mfuko, jiwe au daftari havishiki foleni. Aliyekwenda msalani amwambie aliye nyuma yake, inatosha.

## Hatua ya 7: Wanaotangulizwa

Wazee, wajawazito, watu wenye ulemavu na wenye watoto wachanga wapite mbele, lakini kupitia kichwa kile kile. Waweke kwenye benchi kando ya utepe, na anayesimamia achukue mmoja wa benchi baada ya kila watu wawili au watatu wa foleni. Benchi likiwa na mtu mmoja tu, apite mara moja.

Kuwapa dirisha lao kunaonekana heshima zaidi, ila katika tawi la madirisha 3 mara nyingi linawaumiza. Siku ya pensheni dirisha la wazee lina watu 15 na mengine mawili yanapumua. Siku nyingine keshia wake hana mtu. Kwenye foleni moja yenye benchi, madirisha yote matatu ni ya wazee inapohitajika.

## Hatua ya 8: Kama wateja wako wanakaa, tumia kadi za namba

Kwenye ofisi ambako watu hungoja saa nzima, kuwasimamisha ni kuwaonea. Tumia viti na kadi ngumu za namba, 1 hadi 60, zinazogawiwa mlangoni na mtu mmoja, na kurudishwa dirishani. Kila mtu kadi moja, mkononi mwake. Ukiziacha mezani wajichukulie, mmoja atabeba tano za jamaa zake.

Ukinunua mashine ya tiketi, kagua ilivyopangwa kabla hujailipia. Mashine nyingine huwekwa ili kila tiketi ifungwe kwenye dirisha fulani tangu inapotoka. Hiyo ni foleni ya kila dirisha, ila watu wamekaa. Mwambie fundi tiketi ifungwe kwenye aina ya huduma, na dirisha lijulikane wakati wa kuita. Herufi mbele ya namba zieleze ubaoni: A fedha, B akaunti. Vinginevyo mwenye B07 atalalamika A31 ikiitwa kabla yake, naye atakuwa na haki ya kutoelewa.

## Hatua ya 9: Pima tena, na mwangalie keshia pia

Wiki ya pili rudia vipimo vya Hatua ya 1, na uongeze kimoja: kila nusu saa andika muda wa aliyesubiri kuliko wote. Wastani unaweza kushuka kidogo tu, hasa kama watu walikuwa na mazoea ya kuhama mistari. Mabadiliko makubwa yataonekana kwa yule wa muda mrefu zaidi. Kwenye jedwali letu alishuka kutoka dakika 17 hadi 11.

Kuna kasoro moja ya foleni moja ambayo wauzaji wa kamba hawaitaji. Keshia aliyekuwa akiona watu wake saba mbele yake alikuwa na kitu cha kumaliza. Sasa foleni ni ya wote, na akiharakisha anapewa mteja mwingine tu. Wengine hupunguza mwendo bila kujua. Utafiti uliochapishwa 2015 kuhusu chumba cha dharura cha hospitali moja ya Kalifornia uliona jambo la jinsi hiyo: madaktari waliopangiwa wagonjwa wao waliwamaliza haraka kuliko walipochota kutoka orodha ya pamoja.

Kwa hiyo linganisha dakika za huduma za kila keshia, kabla na baada. Zikipanda kutoka 3 na nusu hadi 4, kwa watu 42 kazi inatoka dakika 147 hadi 168, na madirisha yako yanabanwa kwa asilimia 93. Faida yote ya kamba inaweza kumezwa hapo. Onyesha kila keshia idadi aliyohudumia kila jioni, yeye binafsi, bila kuibandika ukutani. Na uangalie kama mwenye idadi ndogo ndiye aliyepokea mifuko ya sarafu kabla hujamsema.

## Dalili za kuharibika, na pa kurekebisha

Watu wakianza kusimama nyuma ya dirisha la pembeni, rudi Hatua ya 4: kuna kitu kinawaziba macho kwenye utepe, mara nyingi ni bango jipya la matangazo.

Makeshia wakilazimika kuita mara mbili mbili, mwanga au sauti haitoshi. Kengele ndogo ya mezani hutibu.

Mkia ukitoka nje ya mlango kila siku saa ile ile, kamba hazina kosa. Rudi kwenye daftari, tazama zamu za chakula cha mchana. Matawi mengi hufunga dirisha moja kati ya saa 7 na saa 8 mchana, saa ambayo watumishi wengine wote wa mji nao wako mapumzikoni na ndiyo wanaingia kuhudumiwa. Sogeza mapumziko ya makeshia yaanze saa 5 na nusu kwa zamu, na upime tena wiki inayofuata.